"Utazoea" haitoshi: miwani mipya, kichwa kuuma, na milimita sita

Kila anayechukua miwani mipya huambiwa neno hilo moja dukani: utazoea. Mara nyingi ni kweli. Lakini nimekaa miaka kwenye meza ya kupima macho hapa Chake Chake, na nimeona watu wakivumilia maumivu ya kichwa kwa miezi kwa sababu ya neno hilo, hali miwani yenyewe ilikuwa na kasoro ambayo mtu angeweza kuigundua nyumbani kwa rula na kalamu. Kwa hiyo leo nataka tuzungumzie jinsi ya kutofautisha. Nitamtumia wifi yangu, mwalimu wa skuli ya sekondari kule Wete, ambaye amenipa ruhusa niandike habari zake.

Kwanza tuelewe kuzoea kwenyewe ni nini, maana bila ya hapo hatuwezi kujua kisicho kuzoea. Mtu asiyeona mbali huvaa lenzi za hasi, na lenzi za hasi hufanya vitu vionekane vidogo kidogo kuliko vilivyo. Namba ikipanda, vitu hupungua zaidi, na ubongo uliokwisha kujifunza ukubwa wa ngazi na umbali wa sakafu hulazimika kujifunza upya. Pia kuna mwendo. Ukigeuza kichwa huku unatazama kitu, macho hurudi upande wa pili kwa kiasi kile kile ili picha isitikisike, na lenzi mpya hubadilisha kiasi hicho. Siku za mwanzo macho hurudi kupita kiasi au pungufu, ndiyo maana mtu anasema ardhi inaelea, au kuta zinapinda pembeni. Aliyewekewa silinda, yaani namba ya kurekebisha jicho lisilopinda sawa pande zote, kwa mara ya kwanza ataona fremu ya mlango imelala upande.

Hayo yote yana tabia moja: yanapungua. Siku ya tatu ni nafuu kuliko ya kwanza, siku ya saba ni nafuu kuliko ya tatu, na ikifika wiki mbili wengi wameshasahau. Na tangu dakika ya kwanza, kila jicho peke yake linaona vizuri. Mtu anayezoea hulalamika kuwa dunia imekaa vibaya, lakini maandishi anayasoma.

Wifi hakuwa hivyo. Miwani yake aliitengeneza Unguja mjini wakati wa likizo, kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Namba ilikuwa imepanda kutoka -4.50 hadi -5.50 macho yote mawili, na silinda ndogo ya nusu dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi, na mhimili wake, yaani upande ilikolazwa silinda, ni 180. Alichagua fremu kubwa, pana, za mtindo wa sasa. Alipanda boti akarudi Pemba, skuli zikafunguliwa, na kichwa kikaanza.

Aliponipigia simu aliniambia, "Wifi, niliambiwa nivumilie wiki mbili. Zimeshapita, na kichwa changu kinauma vile vile kama siku ya kwanza."

Nilimuuliza kinauma wapi na saa ngapi. Akasema juu ya nyusi, pande zote mbili, kuanzia kipindi cha tatu au cha nne, na magharibi akirudi nyumbani akitazama gari inayokuja mbali barabarani, kuna wakati anaiona mbili mpaka afumbe macho kidogo. Nikamuuliza kuhusu kusahihisha madaftari. Hapo alinyamaza akafikiri, kisha akasema kwa mshangao kwamba akisahihisha usiku hapati taabu yoyote. Kichwa humuuma akitazama nyuma ya darasa, akiwa kwenye mkutano, akiangalia televisheni.

Jibu hilo lilinitia shaka kubwa. Wengi hufikiri kazi ya karibu ndiyo inayochosha macho, na kwa kawaida ndivyo ilivyo. Mtu aliyezidishiwa hasi, kwa mfano, huona mbali kwa ukali mno, herufi nyeusi na ndogo, lakini akisoma nusu saa macho yanamuwaka. Wifi alikuwa kinyume chake: karibu raha, mbali taabu. Huo si mwenendo wa namba kuzidi. Ni mwenendo wa macho mawili yanayolazimishwa kutazama pande tofauti.

Nikampa jaribio la kwanza, ambalo ningependa kila mwenye miwani mipya alijue. Nilimwambia avae miwani, akae barazani, atazame kitu cha mbali chenye maandishi. Afunike jicho moja kwa kiganja bila ya kulibana, asome. Kisha afunike la pili, asome. Halafu akae robo saa hivi, jicho moja limefunikwa, akiendelea kutazama mbali, na aniambie kichwa kinasemaje.

Maana yake ni hii. Kama jicho moja peke yake linaona ukungu, shaka inakwenda kwenye namba ya jicho hilo: ama limepimwa vibaya, ama namba imenakiliwa vibaya kutoka kwenye karatasi, ama mhimili wa silinda umewekwa siko. Mhimili ni jambo la kuogopwa kwa mwenye silinda kubwa, kwani ukikosewa nyuzi 30 tu, kosa linalobaki linalingana na silinda yote. Ni kama vile hukuwekewa kitu, tena na ukungu wa upande mwingine. Lakini kama kila jicho peke yake linaona safi, na kichwa kinatulia unapofunika moja, basi namba zina uwezekano mkubwa wa kuwa sawa na ugomvi uko baina ya macho mawili. Jicho lililofunikwa halina haja ya kukubaliana na mwenzake, na ile kazi ya kuvutana inasimama.

Wifi alisoma vizuri kwa kila jicho, bora kuliko miwani ya zamani. Na alipofunika moja, kichwa kikapoa.

Hapa niweke tahadhari moja. Mtu ambaye macho yake yametofautiana sana, tuseme moja ni -1.00 na jengine -3.50, anaweza kupata shida hii ya macho mawili hata kama miwani imetengenezwa bila ya kosa, kwa sababu kila jicho linaleta picha ya ukubwa tofauti. Huyo anahitaji mpimaji akae naye azungumze, wala asikimbilie kumlaumu fundi. Wifi macho yake yanalingana, kwa hiyo sababu hiyo haikuwapo.

Ikabaki kitovu. Kila lenzi ya namba ina nukta moja ambapo mwanga unapita bila ya kupindishwa. Nukta hiyo inatakiwa ikae mbele ya mboni, pale katikati peusi pa jicho. Ukitazama kando ya nukta hiyo, lenzi inageuka kuwa prizimu: inasogeza picha upande. Kiasi cha kusogeza kinajulikana kwa hesabu rahisi iliyopewa jina la Charles Prentice, mtaalamu wa macho wa New York wa mwishoni mwa karne ya 19. Chukua umbali kutoka kwenye kitovu kwa sentimita, zidisha kwa namba ya lenzi, unapata prizimu. Mwenye namba ndogo ya -0.75 kitovu kikikosewa hata milimita 3 hatajua. Mwenye -5.50 atajua.

Ndiyo maana kwenye karatasi ya kipimo kunapaswa kuwa na mahali palipoandikwa PD, yaani umbali wa mboni mpaka mboni kwa milimita. Watu wazima wengi wako baina ya 54 na 74. Nilimwambia wifi anisomee karatasi yake. SPH, ile namba yenyewe, ilikuwapo, CYL ya silinda ilikuwapo, AXIS ya mhimili ilikuwapo. Kwenye PD palikuwa patupu.

Siku ya Jumamosi alikuja Chake, lakini kabla hajaja nilimfanyisha kazi yeye na mumewe nyumbani, kwa sababu nataka watu wajue kwamba inawezekana. Hii ndiyo njia ya kutafuta kitovu cha lenzi bila ya mashine.

Simama mbele ya mlango, umbali wa hatua tatu au nne. Nyoosha mkono, shika miwani mbele ya jicho moja, fumba jengine, na utazame ukingo wa mlango uliosimama wima kupitia lenzi moja. Utaona ukingo umekatika: sehemu inayoonekana ndani ya lenzi haikutani na sehemu inayoonekana juu na chini ya lenzi. Sogeza miwani polepole kushoto na kulia, ukiishika sawa isiinamie upande, mpaka mstari uungane ukawa mmoja kutoka juu hadi chini. Mahali mstari ulipopita kwenye lenzi, tia alama ndogo kwa kalamu ya ubao mweupe, ambayo inafutika. Fanya hivyo hivyo lenzi ya pili. Kisha laza rula, pima alama mpaka alama.

Ukisogeza lenzi ya hasi, mstari ndani yake unafuata upande ule ule unaosogeza. Lenzi ya chanya, mstari unakwenda kinyume. Mara mojamoja hutokea mtu akapewa chanya badala ya hasi kwa kosa la kunakili, na hapo ataliona kabla hajatoka dukani. Njia hii inafanya kazi vizuri kwa mtu ambaye silinda yake ni ndogo au hana. Mwenye silinda kubwa yenye mhimili wa kuchepuka, mistari italala upande na alama haitakuwa ya kuaminika. Huyo aende kwenye mashine ya kusoma lenzi, lenzomita, na maduka mengi ya miwani yanayo.

Kupima mboni nako hakuhitaji zaidi ya rula. Mpimaji anakaa mbele ya anayepimwa, karibu urefu wa mkono, nyuso zikiwa usawa mmoja. Rula inawekwa juu ya pua ya anayepimwa. Mpimaji anafumba jicho lake la kulia, anamwambia mwenzake atazame jicho lake la kushoto lililo wazi, na anaiweka sifuri ya rula kwenye katikati ya mboni ya kulia ya mwenzake. Bila ya kutikisa rula, anafungua la kulia na kufumba la kushoto, mwenzake anatazama hilo la kulia, na namba iliyo juu ya mboni ya kushoto ndiyo PD ya kutazama mbali. Kubadilisha macho ndiko kunakofanya kipimo kiwe cha mbali. Mpimaji akikodoa macho yote mawili na mwenzake akamtazama puani, macho yatakuwa yameingia ndani na namba itapungua milimita tatu au nne. Rudieni mara tatu, mkipata namba zinazokaribiana, iko sawa.

Shemeji alipata 58. Alama za lenzi zikatoa 64. Nilipomweka wifi kwenye kifaa changu siku ya Jumamosi, na miwani kwenye lenzomita, majibu hayakubadilika. Namba zenyewe, ile -5.50 na silinda yake, zilikuwa sahihi kabisa.

Tofauti ni milimita 6, tatu kila upande. Milimita 3 ni sentimita 0.3, mara 5.5 ni prizimu 1.65 kwa kila jicho, yaani 3.3 kwa macho mawili. Sasa tuangalie upande. Vitovu viko nje zaidi ya mboni, kwa hiyo wifi anatazama kupitia upande wa pua wa kila lenzi. Lenzi ya hasi ni nyembamba katikati na nene pembeni, na unene huo wa upande wa pua unazisukuma picha zielekee nje, la kulia kulia, la kushoto kushoto. Ili asione viwili, macho yake yanabidi yatanuke yafuate picha huko nje.

Na kutanuka ndiko macho yetu yasikokuweza. Kuingia ndani kuelekea puani tunaweza sana, ndiyo kazi ya kusoma. Lakini tukitazama mbali, macho tayari yamenyooka, na kutoka hapo kwenda nje watu wengi hufika prizimu 7 hivi kabla ya kitu kuwa viwili. Wifi alikuwa anatumia karibu nusu ya akiba yake yote tangu anapovaa miwani asubuhi mpaka anapoivua. Misuli inaweza, kwa muda. Ikifika magharibi imechoka, gari inakuwa mbili. Akisahihisha madaftari, macho yanatakiwa yaingie ndani, na prizimu ile inampunguzia kazi badala ya kumwongezea. Ndiyo ile raha ya usiku aliyonieleza kwenye simu. Wenye lenzi za chanya mambo huwa kinyume: vitovu vikiwa nje sana, ni kusoma ndiko kutakakowatesa.

Tena haikuwa jambo la kuzoea. Kuna macho ambayo kweli huizoea prizimu, lakini wiki mbili zikipita bila ya nafuu yoyote, kungojea zaidi ni kumtesa mtu bure.

Swali la wifi lilikuwa moja: ilikuwaje? Akageuza mkono wa fremu, ndani yake pameandikwa 54, alama ya mraba, 18, kisha 140. Hizo ni milimita. 54 ni upana wa kila lenzi, 18 ni daraja la puani, 140 ni urefu wa mkono. Jumlisha 54 na 18, unapata 72, ambao ni umbali wa katikati ya lenzi moja mpaka katikati ya nyengine. Mboni zake ziko 58. Kwa hiyo kila kitovu kilitakiwa kisogezwe ndani milimita 7 kutoka katikati ya fremu.

Lenzi huja dukani ikiwa duara, kitovu katikati, na fundi huikata kwa umbo la fremu. Duara la kawaida la lenzi za hasi zinazowekwa tayari dukani ni milimita 65 au 70. Chukua la 65: kutoka katikati mpaka ukingo ni 32.5. Ukitaka kusogeza 7, upande wa sikio utahitaji nusu ya 54, ambayo ni 27, jumlisha 7, ni 34. Duara halifiki, pembe ya fremu ingebaki tupu. Ukisogeza 4 tu, unahitaji 31, lenzi inaenea. Na 72 ukitoa 4 mara mbili ni 64. Siwezi kuapa ndivyo fundi alivyofikiri, lakini hesabu inaangukia pale pale kwenye alama zetu, na si mara ya kwanza kuiona. Fremu pana, uso mwembamba, namba kubwa, lenzi ya stoo: hivyo vinne vikikutana, kosa hili linakaribia kuja lenyewe. Fundi mwaminifu husema mapema kwamba fremu hii haikufai, au kwamba inabidi aagize duara kubwa zaidi na utasubiri.

Kabla sijamwandikia barua ya kurudishia nilikagua jambo moja jengine, ambalo naona husahauliwa. Nilikunjua miwani nikaiweka juu ya meza tambarare, lenzi zikisimama. Mikono yote miwili iliigusa meza, hakuna uliobaki hewani, na alipovaa, fremu ilikaa sawa na nyusi. Ningekuta imepinda, ningeanza hapo, kwa sababu tofauti ya juu na chini ni mbaya kuliko ya kando. Jicho moja halina desturi ya kupanda huku jengine linashuka. Prizimu nusu tu ya juu na chini inaweza kumuumiza mtu kichwa, na kwa namba ya wifi nusu hiyo haifiki hata milimita moja. Dawa yake ni kupasha moto mkono wa fremu na kuunyoosha. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyengine ndiyo tiba yote.

Barua nilimwandikia fupi: PD iliyopimwa 58, vitovu vilivyopatikana 64, lenzi -5.50, dalili za mbali tu, zinaondoka jicho moja likifunikwa. Maneno hayo yalisaidia kuliko kulalamika. Ukienda dukani ukasema kichwa kinauma, utajibiwa utazoea. Ukiweka namba mbili mezani na kuomba zipimwe kwenye lenzomita mbele yako, hakuna cha kubishana. Duka lilikubali kutengeneza upya, naye akachagua fremu ndogo, 48 na 18. Jumla yake 66, kwa hiyo kila kitovu kisogee 4 tu, na duara la 65 linatosha bila ya taabu. Lenzi zilikuwa nyembamba zaidi pembeni pia, jambo ambalo mwenye hasi tano na nusu atalifurahia.

Alipovaa mpya hizo alihisi sakafu imekaa chini kidogo kwa siku mbili tatu. Huko ndiko kuzoea, na kuliondoka. Kichwa hakikurudi.

Kuna watu ambao jaribio la kiganja halitawahusu, nami nisingependa wapotee kwa kusoma haya. Mwenye kisukari ambaye sukari ilikuwa juu siku ya kupimwa, namba yake inaweza kubadilika sukari ikishuka, na miwani ikawa ya uongo bila ya kosa la mtu. Apimwe tena sukari ikiwa imetulia kwa wiki kadhaa. Na maumivu makali ya ghafla, jicho jekundu, kutapika, au kuona pete za rangi kwenye taa, hayo si ya miwani hata kama umeivaa jana. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, hapa Pemba au kitengo cha macho cha Mnazi Mmoja akiwa Unguja.

Wengine, andikeni PD yenu kwenye simu. Kwa mtu mzima haibadiliki, na utaitumia kila ukitengeneza miwani. Ya mtoto inakua pamoja na uso wake, kwa hiyo mpimeni upya kila mnapobadilisha, na msikubali fremu ya kumkulia.